Balbu, kamera na plagi janja: kabla ya kununua katoni, uliza marekebisho yatatoka wapi

Mfanyabiashara anayenunua vifaa vya umeme Mbarara na kuvipeleka Nakivale, au kuvivusha Kikagate kuelekea Murongo upande wa Tanzania, kwa kawaida huangalia mambo matatu: bei ya katoni, ushuru na kama kifaa kinawaka. Kwa balbu ya kawaida hayo yanatosha. Kwa balbu, kamera au plagi inayoendeshwa kwa simu kupitia waifai, kuna jambo la nne ambalo halionekani kwa macho, nalo ni kama mtengenezaji ataendelea kukirekebisha kifaa hicho baada ya kukiuza.

Vifaa hivi huitwa janja kwa sababu ndani yake kuna kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo ina programu yake. Programu yoyote huwa na makosa ambayo hugunduliwa miaka baadaye, kifaa kikiwa tayari ukutani kwa mteja. Kampuni inayowajibika hutengeneza marekebisho na kuyatuma kwa njia ya mtandao. Kampuni isiyowajibika, au iliyokwishafunga biashara, haitumi chochote, na kosa hubaki pale hadi kifaa kitakapotupwa.

Makala haya yanaeleza jinsi marekebisho hayo yanavyofanya kazi, nini hutokea yasipokuja, na jinsi ya kukipima kifaa dukani kabla ya kutoa fedha.

Kifaa kinavyojisasisha

Kifaa kinachojisasisha huwasiliana mara kwa mara na kompyuta za mtengenezaji na kutaja namba ya toleo la programu kilicho nalo. Kama kuna toleo jipya, hulipakua. Kabla ya kuliweka hukagua sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji, ili mtu mwingine asije akapenyeza programu yake. Baada ya hapo huandika toleo jipya kwenye kumbukumbu na kujizima na kujiwasha. Mara nyingi kazi hii hufanyika usiku, na mwenye kifaa hajui lolote.

Vifaa bora huandika toleo jipya kwenye sehemu ya pili ya kumbukumbu na kuliacha la zamani mahali pake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa hurudi kwenye toleo la zamani. Vifaa vya bei ya chini mara nyingi havina nafasi hiyo ya pili. Umeme ukikatika wakati vinaandika, vinaweza kufa moja kwa moja. Kwa wateja wa Nakivale na vijiji vya Isingiro wanaotegemea sola na betri, jambo hili si dogo: sasisho lianzishwe wakati betri imejaa.

Wengine huzima masasisho wakihofia kumalizika kwa bando. Hesabu inaonyesha kuwa hofu hiyo iko mahali pasipo pake. Sasisho la kamera kwa kawaida ni makumi ya megabaiti, na huja mara chache kwa mwaka. Kamera hiyo hiyo ikirusha picha kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde hutumia megabaiti 450 kwa saa, yaani zaidi ya gigabaiti 10 kwa siku. Kinachomaliza bando ni picha.

Kosa dogo lisilo na wa kulirekebisha

Ili kuelewa hatari yenyewe, tuangalie kamera moja ambayo habari zake ziko wazi. Ni kamera ya usalama aina ya AVM1203, iliyotengenezwa na kampuni ya AVTECH ya Taiwan. Mtengenezaji aliacha kuizalisha miaka mingi iliyopita, lakini kamera zenyewe ziliendelea kufanya kazi kwenye maduka, ofisi na majengo ya umma katika nchi mbalimbali.

Kamera hiyo ina sehemu ya kupanga mwangaza wa taa yake. Mtumiaji anatarajiwa kutuma namba. Kamera huipokea namba hiyo na kuipitisha kwenye mfumo wake wa ndani bila kukagua kama kweli ni namba. Mtu akituma amri ya kompyuta mahali pa namba, kamera huitekeleza amri hiyo, tena bila kudai neno la siri. Mtu huyo anakuwa ameishika kamera nzima.

Mfano wa namna ya kulitumia kosa hilo ulikuwa hadharani tangu 2019. Mwezi Agosti 2024 shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia usalama wa mitandao lilitoa tahadhari, na kosa likapewa namba CVE-2024-7029. Mwezi huo huo watafiti wa kampuni ya Akamai walieleza kuwa wahalifu walikuwa tayari wanalitumia kuingiza kwenye kamera hizo programu hasidi ya ukoo wa Mirai.

Kulirekebisha kosa lenyewe ni kazi ndogo. Mhandisi angeongeza mistari michache inayosema: kama kilichopokelewa si namba, kikatae. Lakini bidhaa ilikuwa imekwisha muda wake, na hakuna marekebisho yaliyotolewa. Ushauri kwa wenye kamera hizo ulikuwa ni kuziondoa.

Plagi janja nayo ina kisa kinachofanana. Mwezi Mei 2023 watafiti wa kampuni ya Sternum walieleza kosa katika plagi ya Wemo Mini toleo la pili, ya kampuni ya Belkin. Programu ya simu haimruhusu mtumiaji kuipa plagi jina lenye zaidi ya herufi 30. Plagi yenyewe haikuwa na ukaguzi huo. Mtu aliyeipita programu ya simu na kuituma plagi jina refu zaidi aliweza kuvuruga kumbukumbu yake na hatimaye kuiamrisha. Belkin ilijibu kuwa bidhaa hiyo imefikia mwisho wa maisha yake na haitarekebishwa. Belkin ni kampuni yenye jina, na hili ni fundisho kuwa jina kubwa kwenye boksi peke yake si dhamana. Kinachohitajika ni muda wa huduma.

Kisa cha tatu kinaonyesha upande mwingine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Catania, Italia, na wa Royal Holloway, London, waliichunguza balbu ya Tapo L530E ya kampuni ya TP-Link. Waligundua makosa manne. Kwa kuyaunganisha, mtu aliye karibu na nyumba angeweza kujifanya balbu na kupata neno la siri la waifai. Watafiti waliiarifu kampuni, nayo ikakubali makosa hayo na kuahidi kurekebisha programu ya simu na ile ya ndani ya balbu. Balbu hii ilikuwa na makosa kama kamera na plagi tulizozitaja. Tofauti ni kwamba ilikuwa na mtu wa kupokea barua.

Kamera ya jirani, hasara ya nchi nzima

Mwenye duka anaweza kuuliza: mtu akiishika kamera yangu ya godauni, ataona magunia ya mahindi, kisha nini? Jibu ni kwamba mhalifu mara nyingi hajali picha. Anachotaka ni mashine ya kutuma data, na anakusanya maelfu ya mashine hizo ili zishambulie mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Afrika imeshaona jambo hilo. Mwaka 2016 kampuni ya simu ya Lonestar nchini Liberia ilishambuliwa kwa mafuriko ya data. Mshambuliaji, Mwingereza Daniel Kaye, alikuwa amekodiwa na mtu wa kampuni pinzani. Alitumia programu ya Mirai, ambayo iliteka kamera za usalama kwa kujaribu orodha ya maneno ya siri ya kiwandani, kama vile admin na 123456. Mwezi Novemba mwaka huo mafuriko yalikuwa makubwa kiasi kwamba huduma ya intaneti nchini humo ilivurugika. Kaye alihukumiwa London mwezi Januari 2019 kifungo cha miaka miwili na miezi minane.

Wenye kamera zilizotumika hawakuwa Liberia, na wengi wao bila shaka hawakujua kuwa zilihusika. Hapa ndipo ilipo sababu ya kiuchumi ya vifaa hivi kuwa rahisi. Kulipa wahandisi kwa miaka mitano baada ya mauzo ni gharama kwa mtengenezaji. Kutofanya hivyo humletea hasara mtu mwingine kabisa, ambaye hakununua wala kuuza. Bei ya dukani haina hasara hiyo ndani yake, kwa hiyo kifaa kisichorekebishwa huonekana nafuu.

Hata hivyo, mwenye kifaa naye hupata sehemu yake. Kamera iliyotekwa hula bando, huifanya ruta kuwa nzito, na humpa mgeni mlango wa kuifikia kompyuta ya mauzo iliyo kwenye waifai hiyo hiyo. Picha za wateja zikivuja, sheria nazo zipo: Uganda ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, na Tanzania ina yake ya mwaka 2022.

Jinsi ya kupima kabla ya kununua

Njia ya uhakika ni kununua kifaa kimoja na kukijaribu kabla ya kulipia katoni. Kazi hii huchukua kama nusu saa, na inaweza kufanyika dukani Mbarara kwa kutumia simu mbili. Simu moja iwe inatoa waifai, ya pili iwe na programu ya kifaa.

Anza na boksi. Tafuta jina la mtengenezaji na namba ya modeli, kisha uhakikishe kuwa namba hiyo hiyo imeandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kamera nyingi za bei ya chini hutoka kiwanda kimoja zikiwa na majina kumi tofauti, na aliyeweka jina lake kwenye boksi hana hata programu ya ndani ya kuirekebisha. Kama kwenye kifaa kumeandikwa tu neno la jumla kama "kamera ya waifai" bila modeli, hakuna mahali utakapotafuta marekebisho.

Pili, fungua tovuti ya mtengenezaji na utafute modeli hiyo kwenye ukurasa wa huduma. Unachotafuta ni orodha ya matoleo ya programu yenye tarehe. Tarehe za miaka miwili iliyopita na za mwaka huu huonyesha kuwa kuna watu kazini. Toleo moja tu, la mwezi ambao kifaa kiliingia sokoni, ni dalili mbaya.

Tatu, tafuta muda wa huduma ulioandikwa. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inamtaka mtengenezaji wa vifaa hivi kutangaza hadi lini atatoa marekebisho ya usalama, na inakataza neno la siri moja kwa vifaa vyote. Umoja wa Ulaya nao una sheria ambayo masharti yake makuu yataanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027, ambapo muda wa huduma kwa kawaida hautakuwa chini ya miaka mitano. Sheria hizo hazifiki Kikagate, lakini taarifa zake zinasomeka popote. Kama modeli unayoitaka inauzwa Uingereza, tarehe ya mwisho wa huduma itakuwa imeandikwa. Hakikisha tu kuwa modeli ni ile ile hadi herufi ya mwisho, kwa kuwa viwanda vingine hutoa toleo tofauti kwa masoko tofauti. Mhuri wa ubora au kibali cha mawasiliano kwenye boksi ni muhimu kwa forodha, lakini haukuelezi kifaa kitarekebishwa kwa miaka mingapi.

Nne, kiwashe. Kifaa kizuri hakikubali kuendelea hadi uweke neno la siri lako. Kikikuruhusu kuingia kwa admin au bila neno lolote, kirudishe. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kifaa ndani ya programu ya simu. Kwenye programu ya Tapo utaona Firmware Update, na kwenye Smart Life utaona Device Update. Angalia namba ya toleo, na uone kama kuna sehemu ya kuruhusu kifaa kijisasishe chenyewe.

Hapa kuna mtego unaowanasa wengi. Skrini ikisema kuwa una toleo la karibuni zaidi, usifikiri umemaliza. Kifaa ambacho mtengenezaji wake alikitelekeza mwaka 2020 nacho husema hivyo hivyo, kwa sababu hakuna toleo jipya la kukilinganisha nalo. Linganisha namba uliyoiona na tarehe zilizo kwenye tovuti. Bila tarehe, maneno hayo hayana maana.

Mfano wa hesabu

Tuseme kamera ya kwanza ni shilingi 60,000 za Uganda na haina modeli inayojulikana. Ya pili ni shilingi 120,000, na mtengenezaji wake ameahidi kwa maandishi marekebisho ya miaka mitano. Mteja wa kawaida huona kuwa ya pili ni ghali mara mbili.

Kwa muda ambao inaweza kutumika kwa usalama, ya pili inagharimu shilingi 24,000 kwa mwaka. Ya kwanza haina mwaka hata mmoja ulioahidiwa. Ikibidi kubadilishwa baada ya miaka miwili kwa sababu ya kosa lililotangazwa, itakuwa imegharimu shilingi 30,000 kwa mwaka, bila kuhesabu nauli ya fundi kutoka Mbarara na siku ambazo godauni lilikaa bila ulinzi. Bei hizi ni za mfano tu. Msomaji aweke za kwake, lakini agawanye kwa miaka ya huduma iliyobaki kuanzia siku ya mauzo. Kamera ya miaka mitano iliyokaa ghalani miaka mitatu ni kamera ya miaka miwili.

Kwa anayeuza jumla, inafaa kuandika kwenye stakabadhi modeli na tarehe ya mwisho wa huduma. Mteja akirudi na malalamiko, kuna karatasi ya kuangalia.

Kama kifaa kiko ukutani tayari

Si kila mtu anaweza kuondoa kamera alizokwishafunga. Kwa kifaa kisichopata marekebisho, lengo ni kukitenga ili kikitekwa kisifike mbali.

Badilisha kwanza neno la siri la kiwandani. Kisha ingia kwenye ruta na uzime sehemu inayoitwa UPnP, ambayo huviruhusu vifaa kujifungulia mlango kutoka nje bila kukuuliza. Ruta nyingi zina pia waifai ya wageni. Weka kamera na balbu zote huko, na uache waifai kuu kwa kompyuta ya hesabu na simu unayotumia kutuma fedha. Msafirishaji mwenye kamera ndani ya lori azipe ruta na laini yake ya simu, isiyotumika kwa kazi nyingine.

Kamera iliyo kwenye laini ya simu ina nafuu moja. Kampuni za simu kwa kawaida huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya mtandao, hivyo mtu wa nje hawezi kuigonga kamera moja kwa moja. Lakini kamera nyingi za bei ya chini hupitia kompyuta ya kati ili mwenyewe aione akiwa mbali, na njia hiyo hutumia namba ya utambulisho iliyo kwenye stika. Mwaka 2019 mtafiti Paul Marrapese alionyesha kuwa namba za mfumo mmoja uliotumika kwa zaidi ya vifaa milioni mbili ziliweza kukisiwa. Hivyo laini ya simu inapunguza hatari na haiiondoi.

Dalili za kifaa kilichotekwa ni bando kuisha haraka hata usiku ambao hakuna anayetazama picha, ruta kuwa nzito bila sababu, na kamera kupoteza mawasiliano au kukataa neno la siri ulilokuwa unalitumia. Programu hasidi ya aina ya Mirai hukaa kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo kuzima kifaa na kukiwasha huifuta. Lakini kama mlango uliotumika bado uko wazi, kifaa kinaweza kutekwa tena baada ya dakika chache. Ndiyo maana utaratibu ni huu: ondoa kifaa kwenye mtandao, kizime, funga milango kwenye ruta, kiwashe, badilisha neno la siri, weka sasisho kama lipo, kisha ukirudishe kwenye waifai ya wageni. Bando likiendelea kuliwa usiku baada ya hapo, na mtengenezaji hana sasisho, kifaa hicho kichomolewe na kisiuzwe kwa mtu mwingine.